Salio Kwanza, Jeneza Baadaye

Nauza majeneza karibu na mochari hapa Nakuru, na nina mdomo. Majirani wananijua. Lakini kuna sheria moja niliyojiwekea ambayo hata mimi huniuma: jeneza halitoki mlangoni kabla sijaona salio. Sisemi meseji, nasema salio. Niliwahi kutoa moja kwa kuamini meseji, na walionilaghai walikuwa wanalia machozi ya kweli. Mbao za mwezi huo nilinunua kwa karo ya mtoto wangu.

Asubuhi hiyo walikuja watu wa Olenguruone kumchukua mzee wao. Mjane alikuwa amevaa sweta la kijani na gambuti zenye tope la kwao. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa na suti, na ndiye aliyeshika pesa za mchango wa mazishi. Wengine walingoja nje kwenye pikap, wakitazama mawingu. Mvua ikiwatangulia kule kwenye milima ya Mau, gari halingepanda, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

Mjane alichagua jeneza la kadiri, la elfu ishirini na nane, akapitisha kiganja juu ya kifuniko. "Hili atalipenda," akasema.

Shemeji akatoa simu, akaisoma namba yangu iliyoandikwa ukutani, akabonyeza, kisha akanigeukia. "Imeingia, mathe. Tubebe."

Kweli simu yangu ililia. Maneno yalikuwa yale yale: imethibitishwa, umepokea shilingi elfu ishirini na nane, jina lake, salio jipya. Lakini meseji za kweli huingia chini ya jina la huduma ya pesa, zote mahali pamoja. Hii ilikaa peke yake, imetoka kwa namba ya mtu. Halafu hilo salio. Nilikuwa nimelipa mwenye mbao asubuhi ile ile, nikabakiwa na mia mbili na kitu. Meseji iliniambia nina zaidi ya elfu arobaini. Nani angenipa hizo?

Nikaingia kwenye menyu, nikaweka namba ya siri, nikauliza salio. Mia mbili na kumi na mbili.

"Unanishuku, na ndugu yangu amelala pale?" akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye pikap.

Jamani, nilikuwa na maneno. Yalishafika kooni. Kisha nikamwona mjane ananitazama, sio usoni, vidoleni, nilivyokuwa nimeishika simu. Nikafikiria: nikimuumbua huyu mtu hapa, nitakuwa nimeokoa mbao zangu, na mjane atazika mume akiwa na kesi mkononi.

"Network iko chini," nikasema. "Tungoje kidogo. Jaribu tena, boss, pengine haikutoka."

Nilimpa mlango wa kutokea bila aibu. Akasema anaenda kutafuta network, akatoka na kusimama nyuma ya pikap, mgongo kwetu. Nikamwangalia. Hakubonyeza chochote. Aliwasha sigara.

Mjane naye alimwona. Alivua gambuti moja polepole, akatoa simu ndogo iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akasogea ukutani, akawa anaisoma namba yangu kwa kunong'ona, tarakimu moja moja. Akangoja. Simu yangu ikalia.

Hii iliingia mahali pake. Elfu ishirini na nane, kutoka kwa jina la mwanamke.

"Ni pesa ya ng'ombe," akaniambia chini chini. "Nilimuuza juzi. Nilijua huyu ataniangusha, sikujua ni wapi." Kisha akaona nimeshusha simu. "Angalia salio, mama. Na mimi usiniamini."

Nilitaka kumwambia haina haja. Niliangalia. Niliingia kwenye menyu mbele yake, nikaweka namba ya siri, nikiona aibu. Pesa ilikuwepo. Na mia mbili na kumi na mbili zangu juu yake.

"Iko sawa," nikasema.

Alitingisha kichwa, akavaa gambuti yake, akaenda mlangoni. "Shemeji," akaita, "network imerudi. Pesa yako imefika."

Jamaa alisimama na ile sigara. Niliona maneno yakimwingia. Alimtazama mjane, akanitazama mimi, na sikumsaidia. Watu wakashuka kwenye pikap, mzee mmoja akampiga begani, akamwambia amefanya kazi ya mwanamume. Alitupa sigara. Aliingia na kushika jeneza upande wa mbele.

Nilimshika mjane mkono, nikamuuliza kwa nini anamfichia.

"Shamba lake na langu yamegawanywa na ua mmoja tu," akasema. "Leo nataka anishikie tu kamba za kaburi."

Wakaondoka. Mvua ilinyesha mjini saa saba, na sijui kama walikuwa wameshapanda milima.