Waliorudi na Kadi ya Kijani

Hospitalini walimwita Mama Asilimia, na hakuwahi kuuchukia utani huo. Alikuwa mtakwimu pekee wa hospitali nzima, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye ofisi nyembamba kati ya chumba cha mafaili na stoo ya mashuka. Daktari akitaka kujua kama dawa mpya inasaidia, atagonga mlango wake. Mkurugenzi akitaka kusema jambo mbele ya wageni, kwanza atapita kwake aulize, "Mama Asilimia, hapo niseme ngapi?" Mumewe, fundi wa majokofu, alipenda kumtania kwamba hata chumvi ya mchuzi anaipima kwa desimali.

Kazi iliyomletea sifa ilianza na modeli iliyotoka hospitali kubwa ya rufaa. Ilikuwa modeli ya lojistiki, fomula ya kukadiria uwezekano: unaipa umri wa mgonjwa aliyepasuliwa, joto lake, mapigo ya moyo, wingi wa damu, muda aliokaa kwenye meza ya upasuaji na mambo mengine kumi na kitu, nayo inakupa uwezekano wa mgonjwa huyo kurudi hospitalini na matatizo ndani ya siku kumi na nne. Wodi ya upasuaji ilikuwa imefurika, wengine wakilala chini. Wakuu walitaka njia ya kujua nani aende nyumbani mapema. Waliamua kwamba mwenye uwezekano chini ya asilimia tano apewe kadi ya kijani, aruhusiwe siku ya pili. Wengine wabaki hadi siku ya tano.

Kabla ya kuanza, waliomba mtakwimu aihakiki modeli kwa wagonjwa wao wenyewe. Alichukua mafaili ya wagonjwa elfu moja waliokwisha kupita. Aliangalia kwanza kama modeli inajua kuwapanga watu, yaani kama wanaorudi hupewa namba kubwa kuliko wasiorudi. Ilijua, tena vizuri. Kisha akajumlisha uwezekano wa wote elfu moja, apate idadi ya watakaorudi kwa hesabu ya modeli. Ikatoka mia moja. Waliorudi kweli walikuwa mia na mmoja.

Alifurahi kama mtu aliyetupa jiwe gizani likagonga pale pale. Palikuwa na hatua moja zaidi, na aliijua vizuri: kuwagawa watu wale katika makundi kumi, kuanzia wenye hatari ndogo hadi wenye hatari kubwa, kisha katika kila kundi kulinganisha waliotarajiwa na waliotokea. Lakini kikao kilikuwa keshokutwa, na jumla imekaa sawa hivyo, ya nini tena kuchokonoa. Aliandika kwamba modeli inafaa, akasaini.

Aliyeanza kulalamika alikuwa Sista wa wodi ya upasuaji, mwanamke mnene, mpole wa sauti, aliyekuwa na miaka ishirini na sita kwenye wodi ile. Miezi saba baada ya kadi kuanza, alikuja na daftari la shule kwenye kikao cha wakuu wa idara.

"Hawa wa kijani wanarudi," alisema. "Nimewaandika. Kumi na tisa mpaka jana, vidonda vimefunguka, wengine usaha na homa. Sijawahi kuona watu wepesi wepesi wakirudi hivi."

Watu waligeuka kumtazama mtakwimu.

"Kumi na tisa kati ya wangapi, Sista?" aliuliza.

Sista alifungua daftari, akalifunga. "Hao sikuwahesabu. Wasiorudi siwaoni."

"Basi hatuwezi kusema kitu. Asilimia ndogo si sifuri. Ukiruhusu wengi, lazima wachache watarudi."

Daktari mkuu alicheka kidogo, na wengine wakamfuata. Swali lilikuwa halali. Mtakwimu yeyote angeliuliza. Ila jibu lake halikuwa kwa Sista. Idadi ya wote walioruhusiwa ilikuwa kwenye kompyuta yake yeye, na hakwenda kuitafuta.

Wiki tatu baadaye aliruhusiwa fundi cherehani mmoja, baba wa watoto watatu, aliyeondolewa kidole tumbo kilichopasuka. Modeli ilimpa asilimia tatu. Sista alimwambia daktari wa zamu kwamba rangi ya yule baba haimpendezi, angeomba alale siku mbili zaidi. Daktari alimwonyesha kadi, akasaini ruhusa. Siku ya sita fundi yule alirudishwa amebebwa, tumbo gumu kama ubao, na alifia chumba cha upasuaji.

Kamati iliundwa. Mtakwimu aliitwa aeleze kuhusu modeli, naye alieleza alichokijua: walitarajiwa mia moja, wakarudi mia na mmoja. "Modeli haina kasoro," alisema, na sentensi hiyo ikaandikwa kama ilivyo. Basi kama kasoro haipo kwenye modeli, kamati iliitafuta kwa binadamu. Ikaona kwamba Sista hakumweleza mgonjwa vya kutosha dalili za hatari za kuangalia nyumbani. Aliwekewa barua ya onyo kwenye faili lake, akahamishiwa chumba cha kufunga vidonda. Miezi mitano baadaye aliomba kustaafu mapema.

Siku anaondoka, walikutana kwenye korido. Sista alikuwa na mfuko wa viatu vyake vya kazi.

"Kila la heri, dada," alisema mtakwimu.

"Ahsante, mdogo wangu," alijibu Sista, akapita.

Mwaka ukapita. Hospitali nyingine ilitaka kuitumia modeli ile, na mtakwimu wa huko akaomba ripoti. Aliisoma, akaandika barua fupi yenye adabu: jumla tumeiona, tunashukuru, tafadhali tuonyeshe pia waliotarajiwa na waliotokea kwa kila kundi la hatari.

Mama Asilimia alifungua faili lile lile la wagonjwa elfu moja. Ilikuwa saa nne asubuhi, mfanyakazi wa stoo akipanga mashuka ng'ambo ya ukuta. Aliwapanga watu kwa namba zao, akawagawa mia mia. Kundi la chini kabisa: ukijumlisha uwezekano wao, modeli ilitarajia mtu mmoja arudi. Walirudi wanne. La pili, mmoja na nusu kwa watano. La tatu, wawili kwa sita. La nne, watatu kwa wanane. La tano, wanne kwa tisa.

Aliacha kusoma, akanywa maji. Kisha akaendelea na makundi ya juu yake. Katika makundi ya kati tofauti ilipungua, na kwenye kundi la nane walitarajiwa kumi na wanne, wakarudi kumi na watatu. Halafu mambo yakageuka. Kundi la tisa walitarajiwa ishirini na wawili, wakarudi kumi na tano. La kumi walitarajiwa thelathini na saba na nusu, wakarudi ishirini tu.

Alielewa papo hapo. Modeli ilitia chumvi pande zote mbili: wa hatari ndogo iliwaona salama mno, wa hatari kubwa ikawaona wabaya mno. Upungufu wa chini na ziada ya juu vilifutana, jumla ikatoka safi kama sahani iliyooshwa. Na kwa kuwa kila kundi lilirudisha watu wengi kuliko la chini yake, kipimo cha upangaji nacho hakikuona kitu. Modeli iliundwa kwa wagonjwa wachache na vipimo vingi, ikakariri watu wa kule hospitali ya rufaa badala ya kujifunza.

Alikokotoa kipimo cha makundi kumi: katika kila kundi tofauti inazidishwa kwa yenyewe, inagawanywa kwa mtawanyiko unaotazamiwa, kisha yote yanajumlishwa. Ingezidi kidogo kumi na nane, tayari ingekuwa vigumu kuiita bahati mbaya. Ilitoka karibu sitini. Akajaribu kujitetea: makundi ya chini yana matarajio madogo, mmoja, mmoja na nusu, kipimo hapo huyumba. Akayaunganisha yote matano, ambayo ndiyo hasa watu wa kadi ya kijani. Watu mia tano. Walitarajiwa kumi na mmoja na nusu. Walirudi thelathini na wawili.

Jambo lilikuwa humo tangu kabla ya kadi ya kwanza kuchapwa. Kazi yenyewe ilimchukua dakika arobaini.

Alikwenda kwa mkurugenzi siku hiyo hiyo, akasimamisha kadi kwa jina lake mwenyewe. Wiki iliyofuata aliisahihisha modeli kwa data yao, akipunguza makali ya utabiri wake, kisha akaipima kwa wagonjwa wapya wa mwaka ule, kundi kwa kundi, hadi waliotarajiwa na waliotokea wakakaribiana. Waliobaki chini ya asilimia tano walikuwa wachache sana. Kuhusu barua ya Sista, ofisi ya utumishi ilisema barua haing'olewi kwenye faili. Wangeweza kuongeza ukurasa wa pili. Aliuandika yeye, wakaubandika nyuma.

Nyumba ya Sista ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mtakwimu alipiga hodi, akakaribishwa, akapewa kiti kibarazani. Alieleza yote bila kuzunguka. Alitoa karatasi ya makundi, akaonyesha kwa kidole. Sista alivaa miwani, akaisoma taratibu, safu ya kwanza, safu ya pili.

"Hawa ndio niliokuwa nawaona," alisema.

"Ndio hao, dada. Nilikuuliza kati ya wangapi, na idadi hiyo nilikuwa nayo mimi. Nilikukosea. Na mbele ya kamati nilikukosea zaidi."

Jirani alikuwa akitwanga kitu, kinu kikisikika ukutani.

"Yule fundi," alisema hatimaye. "Kweli yake ilikuwa ngapi?"

"Modeli ilimpa tatu. Wenzake wa namba hiyo walirudi nane kwa mia."

"Nane. Kwa hiyo hata hivyo, tisini na wawili wangekwenda nyumbani salama."

"Ndiyo. Lakini kwa nane asingepata kadi. Angelala hadi siku ya tano."

"Na siku ya nne ningeligusa tumbo lake," alisema Sista. Alivua miwani. "Unajua nilivyokaa humu ndani nikijiuliza nilimwambia nini mlangoni? Kama nilitaja homa. Kama nilitaja maumivu. Mwaka mzima, mwanangu. Nilifika mahali nikaamini sikutaja."

Mtakwimu alimwomba arudi wodini, hata kufundisha tu. Sista alitikisa kichwa. Magoti yamechoka, alisema, na moyo nao. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliikunja karatasi mara nne, akauliza kama anaweza kubaki nayo amwonyeshe mumewe.

"Ni yako," alisema mtakwimu.

Sista alimsindikiza hadi kwenye kiwanda cha matofali, akamwelekeza njia fupi ya kutokea barabarani, akarudi ndani.