Tangi la Wonolembu

Wuryani alikuwa na majibu mawili ya swali lile, na hata alipokuwa anapanda ngazi za ofisi ile ya kampuni ya maziwa mjini Semarang alikuwa bado hajaamua atatoa lipi.

Swali lenyewe halimkosi mtafuta kazi: tuambie mradi wako mmoja ulioshindwa, na baada ya hapo ulibadilisha nini. Ni swali la mtego. Ukisema hujawahi kushindwa, mwongo wewe. Ukisema yote, nani atakukabidhi mali yake? Binamu yake Bagas, anayeajiri watu huko Jakarta na kujiona bingwa wa mambo hayo, alikuwa amempa dawa kwa simu.

"Mbak Wur, tafuta kosa dogo lenye sura nzuri. Sema ulichelewesha ripoti kwa sababu unapenda kila kitu kiwe safi."

"Mimi? Jiko langu hulijui?"

"Hawaajiri jiko lako. Ila nakuomba, dada yangu, lile tangi usilitaje. Ukilitaja tu, umejimaliza."

Lile tangi! Tangu likwame, ushirika wa wafugaji alikofanya kazi haukumpa tena mradi wowote wa maana. Walimpa salamu, walimpa chai, walimpa mafaili ya wenzake ayapange. Kampuni hii ya maziwa ilikuwa inatafuta mtu wa kuweka matangi ya kupozea vijijini, kazi ileile, na Wuryani aliitaka kuliko alivyothubutu kumwambia hata mumewe. Alitaka aaminiwe tena, basi.

Wasaili walikuwa watatu, wa kuitwa kwa heshima Pak, yaani bwana, au Bu, yaani bibi. Katikati alikaa mkurugenzi, Pak Tirto, mzee mnene mwenye sauti ya upole. Kulia kwake alikuwa Bu Meilina wa masuala ya wafanyakazi, na kushoto Pak Hendro, fundi mkuu, ambaye alikuwa akitazama glasi yake ya chai.

Swali likaja. Wuryani akatoa jibu la Bagas, lote, na ripoti yake iliyochelewa.

Bu Meilina alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Na ripoti hiyo ilipochelewa, Bu, nani aliumia?"

"Hakuna, Bu."

"Basi mradi haukushindwa. Mimi nauliza ulioshindwa."

Aibu ilimpanda Wuryani mpaka masikioni. Hapo ndipo wengi huongeza uongo wa pili kuufunika wa kwanza, na ukweli ni kwamba hata yeye aliufikiria. Akajikaza.

"Lilikuwepo tangi," akasema. "Wonolembu, mlimani. Tuliweka tangi la kupozea maziwa, na tulikosea kuhusu umeme, kwa hiyo tuli..."

"Hao waliokosea ni akina nani?" akauliza Bu Meilina.

"Ni mimi, Bu. Nilikosea mimi."

Baada ya neno hilo mengine yalitoka yenyewe. Zamani kila nyumba ya Wonolembu ilikuwa ikipeleka ndoo yake kwenye lori. Yeye akaleta tangi moja la kijiji kizima, ili maziwa ya jioni yalale kwenye baridi na lori lije asubuhi tu. Lilizinduliwa kwa wali wa manjano na hotuba. Usiku wa kwanza wa kazi, watu waliporudi nyumbani, wakawasha taa, televisheni na pampu za maji kwa pamoja, umeme ukapungua nguvu, na mashine ya kupozea ikazima. Asubuhi, mpimaji alichanganya maziwa kidogo na spiriti, yakaganda palepale. Ndiyo dalili kwamba yameanza kuchacha. Na kwa kuwa yalikuwa yamechanganywa, ya aliye msafi na ya aliye mchafu yalikataliwa pamoja. Wanawake waliyamwaga mtaroni mbele yake, na hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

"Hukuwauliza kama umeme unatosha?" Pak Tirto aliuliza.

"Niliuliza, Pak. Kwenye mkutano, nyumbani kwa mkuu wa kijiji. Wote wakasema unatosha."

"Walidanganya?"

"Hapana." Wuryani alikunjua vidole vyake. "Mkuu wa kijiji ndiye aliyetoa kiwanja, na alikuwa amekaa palepale na batiki yake mpya. Kusema umeme wa kijiji chake ni hafifu ni kumvua nguo mbele ya mgeni. Mwezi mmoja baadaye Mbok Painem, mama mmoja mfugaji wa pale, aliniambia huku anakamua: 'Mwanangu, tungesema nini pale?' Taa zao zilikuwa zikififia kila Magharibi. Ningekaa jioni moja tu ningeona. Mimi nilikuwa nakwenda asubuhi, nanywa chai, narudi."

"Ukabadilisha nini?" Bu Meilina sasa alikuwa ameweka kalamu chini.

"Siulizi tena mkutanoni kama jambo litafaa. Naenda zizini, kwa mtu mmoja mmoja, namuuliza kitu gani kitaharibika kwanza. Hapo hanikatalii mimi wala hamwaibishi mtu, ananisaidia tu. Na naenda saa ile ambayo kazi yenyewe itafanyika, na kipimo cha umeme mkononi. Kisha tangi linajazwa maji matupu wiki nzima kabla halijaona maziwa."

"Ilisaidia?"

"Walinipa tangi moja tu baada ya hapo, dogo. Zizini wakaniambia mvua ikinyesha lori halipandi mpaka pale tulipochagua. Tukalihamishia barabarani. Linafanya kazi mpaka leo. Lakini Wonolembu hawataki tangi tena, Pak, na siwalaumu."

Pak Tirto aliitikia kwa kichwa taratibu, akatabasamu. Wuryani akaanza kupumua. Kumbe bado.

"Vizuri sana. Sisi tuna vijiji kumi na kimoja. Nataka matangi yote yawake kabla ya Idi, kabla ya Lebaran. Utaweza, Bu?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini. Mzee ameuliza kwa upole, mbele ya watu wake, na kazi iko pale mezani. Maskini Wuryani, alijua sasa jinsi kile kikao kilivyokuwa kwa watu wa Wonolembu, waliokuwa upande wa kuulizwa.

"Samahani sana, Pak," akasema. "Siwezi kukubali. Sijaviona vijiji hivyo wakati wa Magharibi."

"Waliokutangulia wote wamesema wataweza."

"Huenda wataweza, Pak. Mimi sijui."

Tabasamu la mzee lilipotea. Wuryani akainama kuuokota mkoba wake miguuni, moyo umeshuka, akijiambia kwamba Bagas hatakoma kumcheka. Lakini Pak Tirto alikuwa amemgeukia fundi wake.

"Hendro. Wewe uliniambia umeme kule hauna shida."

Pak Hendro aliizungusha glasi yake. Alimtazama Wuryani, kisha akamtazama bosi wake. "Uliniuliza siku ya hafla ya kampuni, Pak," akasema polepole. "Wageni wote walikuwepo."

Mzee alijifuta paji la uso kwa leso, akaikunja, akaikunja tena. Alipozungumza, hakuwa na hasira, alionekana amechoka tu.

"Bu Wuryani, kijiji cha karibu ni Kalimendung. Gari langu liko chini. Tutawahi Magharibi?"

Wuryani alitazama saa ya ukutani.

"Tukiondoka sasa hivi, Pak," akasema. "Na tafadhali, wasipigiwe simu kwamba tunakuja."