Baba Hayuko Zambia

Miaka ile maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa mitumba na sabuni za nje, shemeji yangu, mtunza ghala wa ushirika wetu, alifungwa kwa kuuza mbolea ya wakulima kwa mlango wa nyuma. Ukoo ukakutana kijijini kwetu Lupepo, ukaamua binti yake wa darasa la tatu aambiwe baba kaenda Zambia kibiashara. Nilipinga, nikaambiwa nirudi kwenye vitabu vyangu. Walikubaliana upesi, kama watu wanaogawana nyama, nami nikachukizwa.

Mtoto akaipeleka Zambia hiyo shuleni. Akajisifu kwamba ataletewa viatu. Wenzake, ambao wazazi wao walijaa mahakamani siku ya hukumu, wakamwimbia: "Zambia ya kwenu ina pingu!" Akarudi nyumbani, akagoma kwenda shule.

Dada yangu, mama yake, alilia tu. Nikamkalisha mtoto jikoni, tukamenya ndizi pamoja ili asilazimike kunitazama usoni.

"Baba yako yuko gerezani," nikamwambia. "Aliuza mbolea isiyo yake, hakimu akamfunga miaka miwili. Tulikudanganya, na tulikosea."

Alimaliza kumenya ndizi yake, akauliza: "Mjomba, ni kwa sababu niliomba viatu?"

"Hapana. Aliyeuza ni yeye. Wewe hukufanya lolote."

"Anapigwa?"

"Sijui. Nikijua nitakwambia. Mama yako alimwona Jumapili. Amekonda, lakini ni mzima. Alikuulizia."

"Na wakiniimbia?"

Tukafanya mazoezi, mimi nikiwa mtoto mkorofi. Majibu yangu aliyakataa yote, akapata lake: "Najua alipo. Ni baba yangu."

Asubuhi nilimpeleka mwenyewe. Mwalimu wake akacheka mbele yake: "Chaki ikipotea naanza na begi la huyu. Damu hiyo, mzee." Nikamwambia akague mabegi yote au asikague hata moja, na kwamba nitarudi kuuliza.

"Karibu, profesa wa migombani," akasema.

Nilirudi wiki hiyohiyo, nikakuta wafungwa wanapitishwa barabara ya shule na majembe yao, wakienda kulima. Watoto walijipanga ukingoni: "Wezi! Wezi!" Mwalimu alisimama barazani, mikono mfukoni, akitabasamu.

Kwetu binti humwamkia baba kwa kuchuchumaa. Binti wa dada yangu akatoka kundini, akachuchumaa kwenye tope.

"Mugonile, taata."

Baba yake akaitikia kwa sauti ndogo, bila kugeuza kichwa. Askari alikuwa nyuma yake.

"Inuka wewe!" mwalimu akafoka. "Unamwamkia mwizi?"

"Najua alipo," akasema, bado amechuchumaa. "Ni baba yangu."

Hakuinuka mpaka mfungwa wa mwisho alipopita. Mwalimu akatema mate chini. Mtoto akapangusa tope kwenye sketi, akachukua begi lake, akaingia darasani.