Aya ya Mama Katika Historia ya Baba

Watu wengi wa Kitale hupita kwa duka langu wakiwa wamefiwa. Mimi ndiye huwachapia programu ya mazishi: picha ya marehemu juu, nyimbo za kanisa, halafu historia yake, alizaliwa wapi, alioa nani, ameacha nani. Wengi hufika wakiwa wamekosana tayari. Huyu anataka mtoto fulani atajwe, yule anasema huyo si wetu. Mimi hunyamaza na kuchapa. Kwa hivyo baba yetu alipokufa nilijua fika hatari iko wapi, tena kuliko mtu yeyote kwa hiyo familia.

Baba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza yuko Bumula, upande wa Bungoma, kwenye boma la ukoo. Wa pili ni mama yangu, wa Matisi. Baba alikuwa daktari wa mifugo wa serikali hapa Kitale, na alikutana na mama alipokuja kutibu ng'ombe wa kwao. Watu wa mama ni wale waliohamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati, na huko Bumula hilo halikusahaulika. Walimwita "yule wa Kitale", hata nikiwa nimekaa pale nakunywa chai yao. Lakini aliolewa. Ng'ombe walipelekwa kwao mchana peupe, wazee wakala, wakaombewa. Na baba alipolala kitandani ile miaka ya mwisho, hawezi hata kujigeuza, ni mama aliyemgeuza.

Siku chache baada ya kifo tulikaa Bumula kupanga mazishi. Nikasema historia ya baba tuiandike mtandaoni, kila mtu akiwa na simu aongeze anachokumbuka, kuliko kutumiana makaratasi. Wakakubali. Nikasema nitaifungua mimi, si ndiyo kazi yangu? Mzee mmoja akatikisa kichwa.

"Hapana, binti yangu. Historia ya mzee hutoka kwa mkono wa kifungua mimba. Na wa nyumba kubwa."

Kifungua mimba ni kaka yangu wa nyumba ile, mwalimu, naibu wa mkuu wa shule. Basi faili likafunguliwa kwa akaunti yake, na sisi wengine tukapewa ruhusa ya kuandika. Sikubishana. Nani abishane juu ya akaunti, mwili wa baba ukiwa bado mochari? Lakini watu wa kazi yangu wanajua: faili ni la aliyelifungua. Wengine wote ni wageni.

Tuliandika vizuri mwanzoni, haki ya Mungu. Shangazi, dada yake baba, alikuwa anatuma sauti kwa WhatsApp na mimi namwandikia. Mimi niliandika aya ya mama. Sikuipamba. Niliandika kwamba baba alimuoa mke wa pili huko Kitale kwa baraka za wazee wa pande zote mbili, na kwamba ndiye aliyemuuguza. Kisha nikaona kaka ameingia, jina lake limetokea juu na rangi yake ya kijani, na maneno yanaongezeka mwishoni mwa aya yangu, herufi moja moja: "Ng'ombe walipelekwa, na mimi nikiwa kijana nilikuwa mmoja wa waliowapeleka." Machozi yalinitoka pale dukani. Mteja akaniuliza kama kuna shida, nikamwambia hapana, ni furaha tu.

Nilimpigia mama simu nikamsomea. Akasema, "Huyo kijana kumbe ana utu." Akaniambia nisimsomee tena, atangoja aione ikiwa imechapwa.

Halafu wazee wakakaa. Sisi wa Matisi hatukuitwa. Nasikia waliongea juu ya ardhi, na juu ya nani atahesabiwa wakati wa urithi. Kesho yake kaka akanipigia. Sauti yake ilikuwa tamu kweli.

"Sister, wewe ndio unajua hizi vitu. Mtu akifungua hii document, anaweza ona vile tulikuwa tumeandika mwanzo?"

"Anaona. Yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri anaona kila badiliko, na nani alilifanya, na saa."

"Ati hata kitu nimefuta?"

"Hata ulichofuta."

"Sasa hakuna njia ya kutoa hiyo historia yote? Kuna mahali shangazi na binamu walirushiana maneno humo ndani. Si vizuri ibaki, bana."

Na ni kweli walirushiana maneno, kuhusu mwaka ambao babu alibatizwa. Basi nikamjibu kama ninavyomjibu mteja. Nikamwambia hakuna kitufe cha kufuta matoleo ya nyuma ukabaki na faili lile lile. Anayetaka ianze upya hutengeneza nakala, kwa sababu nakala haibebi mambo ya zamani, inaanza kuhesabu siku iliyozaliwa. Kisha lile la kwanza mwenyewe analitupa, na akilitoa hata kwa pipa la taka, limepotea kwa kila mtu. Akaniambia, "Mungu akubariki." Mungu anibariki! Hilo neno bado linanichoma kuliko yote aliyonitendea.

Jioni akaweka kiungo kipya kwa kundi la familia. "Tumieni hii, ile ya kwanza inasumbua." Wakati huo nilikuwa Bumula, jikoni, nawakarangia waombolezaji vitunguu. Mtandao huko ni wa kuvizia. Nikafungua kwa simu, nikaona neno "Copy" mbele ya jina la baba, nikaona kuzaliwa, shule, kazi ya mifugo. Mambo ya ndoa yako chini. Sufuria ikaanza kuungua, nikarudisha simu mfukoni. Nilikuwa nimetulia, kwa sababu aya ya mama ilikuwa imewekwa sahihi na kaka mwenyewe.

Uchapishaji hawakunipa mimi. Walisema niko kwa msiba, nipumzike. Walipeleka Bungoma mjini.

Siku ya mazishi programu zilifika hemani tukiwa tumeshakaa. Mama alikuwa safu ya tatu, ati safu ya kwanza ilikuwa ya familia. Nikafungua. Baada ya kanisa kulikuja shamba, na baada ya shamba kukaja: "Ameacha mjane mmoja." Mjane mmoja! Mimi na ndugu zangu tulikuwa tumeandikwa miongoni mwa watoto, bila mama, kana kwamba tuliokotwa. Mama hajasoma sana, na Kiswahili cha maandishi kinampa shida. Aliigeuza ile karatasi akiangalia picha za baba, akaninong'oneza, "Niko ukurasa gani?"

Nikamwambia tungoje, wanaomba.

Nilijua nitampata kaka. Hasira ilinijaa lakini nilijiambia, huyu mtu aliandika kwa mkono wake, na jina lake liko pale na rangi yake. Ndiyo maana tulipoitwa kwa ofisi ya chifu, ambako familia inaandikiwa barua ya kusema marehemu ameacha nani, nilibeba laptop yangu. Mama alikuwa ameniambia maneno machache kabla sijatoka. "Hata hii nyumba wakichukua, wachukue. Mimi nataka waseme nilikuwa bibi yake."

Kaka akaweka ile programu mezani. Mimi nikafungua laptop. Nikamwambia chifu, "Huyu hapa aliandika kwamba alipeleka ng'ombe kwao mama. Nitakuonyesha."

Nikafungua matoleo ya nyuma ya ile nakala. Kulikuwa na mambo ya jioni ile tu, koma na nukta, jina la kaka peke yake. La zamani kabisa lilikuwa tayari bila mama. Nikatafuta kiungo cha kwanza kwa kundi, nikakibonyeza. Ikaandika kwamba faili hilo halipo. Nikabonyeza tena na tena, huku najua. Kama lingekuwa bado kwa pipa lake la taka, ningeambiwa liko huko. Alikuwa amefuata maagizo yangu hadi mwisho, mwanafunzi mzuri.

"Si ungepiga picha ya skrini?" chifu akauliza.

Kila mtu huniuliza hivyo. Nani hupiga picha ya maneno mazuri ya kaka yake ili amshtaki nayo kesho?

Chifu hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Madam, mimi naandika kitu naona. Lakini kama kuna mtu alisoma, aseme." Na walikuwepo! Binamu aliyegombania ubatizo alikuwepo. Shemeji aliyesahihisha tahajia ya aya hiyo hiyo alikuwepo. Binamu akaangalia viatu vyake. Shemeji akasema aliingia mara moja tu, hakumbuki. Chifu akamgeukia shangazi, na mimi nikashusha pumzi, kwa sababu shangazi amelala kwetu Matisi, amekula mkononi mwa mama, na humwita wifi.

"Mama," chifu akamwambia, "uliona hayo maandishi?"

Shangazi akamwangalia kaka. Kaka ndiye humpeleka kliniki, ndiye atakayemzika.

"Mimi huwa natuma sauti tu," akasema. "Mambo ya kuandika siyajui."

Hapo ndipo nilielewa alichofuta kaka. Nilidhani amefuta maneno. Kumbe aliwapa hao watu wote ruhusa. Faili likiwepo, wangeona aibu kukana kitu chenye jina lao. Lilipokufa, kila mmoja akaachiliwa huru, na hakuna hata mmoja aliyelazimika kusema uongo wa wazi. Walisahau tu. Chifu akaandika barua akapiga muhuri, mjane mmoja, na nje kaka akanipa mkono. Sikuupokea. Nilimwambia maneno ambayo kanisani kwetu wakiyasikia watanitenga, na siyajutii hata moja.

Nilirudi Matisi nikamkuta mama anachambua mboga. Nilimweleza yote, hata la shangazi. Hakulia. Akajifuta mikono kwa leso akakaa karibu nami.

"Ile ya kwenye simu unayo?"

"Ninayo. Ile mpya."

"Nionyeshe mahali nilikuwa."

Nikafungua. Nikatafuta. Kaka alikuwa ameunganisha kanisa na shamba bila hata kuacha nafasi, mstari ukapita moja kwa moja kama hakujawahi kuwa na kitu. Mimi mwenyewe niliyeandika sikuwa na hakika tena ilianzia neno gani. Mama alikuwa amenyoosha kidole, anangoja.

"Hapa," nikamwambia, nikagusa mahali popote.

Akaweka kidole chake pale, akakiacha. Skrini ikaanza kufifia, naye akanigusa mkono niiwashe tena.