Swali la Wote

Mama mkwe wake Olivia Ayesiga aliwahi kumwuliza mbele ya wageni, "Kwa hiyo wewe unalipwa kuandika maswali ya watu wengine?" Wageni wakacheka, Olivia naye akacheka, kwa sababu mama mkwe hakuwa amekosea sana. Katika ofisi ndogo ya wahandisi mjini Kasese, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, wengine walichora, wengine walipima, na yeye aliwafuata nyuma akiuliza: hili ameamua nani? Lile atajibu nani? Ni kazi inayotaka mtu asiyeona haya, na Olivia hakuona haya kwa mtu yeyote duniani isipokuwa mmoja.

Mkuu wake, Nobert, mtoto wa mfanyakazi wa saruji aliyetoka Kenya akazeekea hapo, alipenda slaidi jinsi wengine wanavyopenda mpira. Mwaka ule walipewa kusanifu daraja la waendao kwa miguu, juu kidogo ya Bwera, kwenye mto unaoshuka milimani na kwenda kumwaga maji yake mpakani. Daraja la zamani lilikuwa limebebwa na mafuriko. Watu walivuka kwa magogo mawili yaliyofungwa pamoja kwa waya, na miongoni mwao alikuwamo Zerida, shangazi yake Olivia, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Kila siku ya soko Zerida alipita juu ya magogo hayo na beseni la nyanya kichwani.

"Mutoto wangu," alikuwa akimwambia kwa simu, "munajenga lini? Mimi iko nazeeka, na ile miti iko nateleza."

"Tunajenga, shangazi. Kwanza wakubwa wakubali."

Wakubwa wenyewe walikuwa watatu. Rashidah, mhandisi wa miundo, alikuwa Kampala. Kato aliwakilisha wafadhili. Wa tatu alikuwa Mzee Bainomugisha, mtaalamu wa maji aliyestaafu, ambaye wilaya nzima ilimheshimu. Nobert aliwaonyesha slaidi zake kwa mtandao asubuhi nzima. Wakasema nzuri sana, hongera sana, wakaagana. Hakuna aliyeamua kitu. Pongezi ni tamu, lakini zege halimwagwi juu ya pongezi.

"Olivia, hii yote ibadilishe," Nobert akasema, akifunga kompyuta. "Mimi nataka karatasi tu. Nani tunamuuliza nini, na nani anaamua nini. Kila mutu na yake. Fundi wanangojea."

Kazi hiyo aliijua vizuri. Alifungua slaidi moja moja, pamoja na yale maandishi madogo ya msemaji yaliyofichwa chini yake, maana huko ndiko wahandisi huzika mashaka yao. Yaliyokwisha kuamuliwa aliyaacha. Aliwinda maneno kama "inadhaniwa", "itathibitishwa baadaye", "kwa sasa tumechukua". Kila alipolikuta moja, alijiuliza kama hapo panakosekana habari au panakosekana uamuzi, kwa sababu habari inaweza kutafutwa na yeyote, bali uamuzi lazima uwe na mwenyewe. Kisha aliandika jina la mtu mmoja, swali, njia zinazowezekana, namba ya slaidi, na kazi gani itasimama asipojibu.

Kwa Rashidah: daraja liwe la mihimili ya chuma au la kuning'inia kwa nyaya? Nobert alikuwa amechora yote mawili kwa rangi nzuri, akakwepa kuchagua. Kwa Kato: pikipiki ziruhusiwe kupita, au ziwekewe nguzo za kuzuia mlangoni? Uzito wa kusanifia ulitegemea jibu lake. Mambo yalienda hivyo, safi kabisa, mpaka akafika kwenye slaidi ya mto.

Slaidi hiyo ilisema maji ya mafuriko yatafika hapa, na tumbo la daraja litakuwa pale juu, na kati yake patabaki nafasi ya kutosha. Picha ilimwonyesha mtu amesimama wima kando ya nguzo kuukuu ya daraja lililobebwa, kichwa cha nguzo kikiwa juu yake. Lakini mwishoni kabisa, kwenye slaidi ya ratiba ya ujenzi, Nobert alikuwa ameweka picha nyingine ya nguzo ileile kwa urembo tu, na katika hiyo mawe na changarawe vilikuwa vimepanda mpaka karibu na kichwa cha nguzo. Olivia alizisogeza picha mbili zikakaa pamoja. Kipimo cha kitanda cha mto, yaani sakafu yake chini ya maji, kwa tarehe yake kilichukuliwa baada ya daraja kubebwa lakini kabla ya mafuriko ya mwisho. Tangu hapo mlima ulikuwa umeshusha mawe yake na kukijaza. Maji yaleyale sasa yangepita juu zaidi.

Aliyepima alikuwa Mzee Bainomugisha.

Na huyo ndiye yule mmoja aliyemwonea haya. Olivia alipoposwa, yatima wa baba, ni Bainomugisha aliyekaa kwenye kiti cha baba siku wakwe walipokuja. Ndiye aliyemwombea nafasi ya chuo. Alimwita baba, na alipomsalimia alipiga magoti hata kwenye lami.

Aliandika hata hivyo. "Mzee Bainomugisha: kitanda cha mto kilipimwa kabla ya mafuriko ya mwisho, na picha za sasa zinaonyesha mawe yamekijaza. Je, kipimo bado ni sahihi? Uamuzi: kupima upya, kuinua daraja, au kuliacha lilivyo. Bila jibu, msingi usimwagwe."

Lilikuwa swali zuri. Sijui kama aliwahi kuandika jingine zuri kuliko hilo. Aliliangalia, kisha akamwona akilini Rashidah akilisoma kule Kampala, msichana wa juzi, na Kato akilisoma, na wote wawili wakielewa kwamba mzee ameambiwa amekosea. Katika mila za kwao Olivia mtoto hamwulizi baba mbele ya wageni kama ana hakika. Atamwuliza pembeni, kwa kuzunguka, baada ya chai. Akafuta jina. Jina lilipotoka, sentensi iliyobaki ilionekana kali, akailainisha. Njia tatu za kuchagua zikaonekana kama amri, akaziondoa nazo. Mwisho ikabaki hivi: "Wahakiki wote: maoni yoyote kuhusu hali ya kitanda cha mto yatapokelewa kwa shukrani."

Kwa shukrani! Heshima si utumwa, wahenga walishasema, lakini nani huwasikiliza wahenga anapoogopa kumwaibisha baba yake? Alijiambia angempitia Jumapili baada ya ibada amwulize kwa mdomo. Jumapili alikwenda kweli. Akamkuta mzee na wageni, akanywa chai, akazungumza habari za mahindi, akarudi nyumbani.

Chini ya karatasi alikuwa ameweka sharti lake la kawaida, lile lililokuwa limemsaidia miaka mingi kuwasukuma wakubwa wavivu: asiyejibu kufikia Ijumaa, tutahesabu kwamba ameukubali usanifu ulivyo. Ijumaa Rashidah akachagua mihimili ya chuma. Kato akazuia pikipiki. Bainomugisha naye akajibu swali jingine lililokuwa na jina lake, kuhusu mitaro ya kingoni, kwa mwandiko wake wa zamani uliopigwa picha. Swali la wote halikujibiwa na yeyote.

"Na hii ya wote?" Nobert akauliza, kidole juu ya karatasi.

"Hakuna aliyejibu."

"Basi imepita. Si ndio sheria yako?"

Olivia alikuwa na picha mbili zile kwenye kompyuta, hatua chache tu kutoka pale aliposimama Nobert. Angeweza kuzifungua. Lakini Nobert angempigia mzee simu palepale, kwa sauti ile yake ya kubomoa kuta, na mzee angejua swali limetoka kwa nani. Akasema, "Ndiyo, imepita." Moyo ulimuuma akisema, na alisema.

Daraja likajengwa, zuri, la rangi ya kijani. Siku ya kulifungua mchungaji aliliombea na Zerida alicheza katikati yake mpaka leso ikamdondoka mtoni. "Sasa naweza kufa," alisema akihema, na watu wakamkemea kwa kicheko.

Mvua zilizofuata zilinyesha milimani, si Bwera. Ilikuwa siku ya soko, alasiri, jua likiwaka, na ndiyo sababu hakuna aliyetazama juu. Waliokuwa kingoni walisikia mngurumo kwanza. Maji yalikuja na miti mizima na mawe makubwa kama mabanda ya kuku, yakaligonga daraja tumboni, pale ambapo slaidi ilisema yangepita kwa nafasi. Mihimili ya Rashidah ilikuwa imara na ilistahimili kidogo. Halafu ikang'oka yote upande mmoja. Waliokuwa karibu na ncha walikimbia. Zerida alikuwa katikati, na beseni kichwani, na umri wake si wa kukimbia.

Siku ya pili vijana wawili wa ng'ambo ya Kongo walikuja mpaka nyumbani kwa Zerida, wamevua kofia.

"Tumemupata kule chini, mama," mmoja akamwambia Olivia. "Batu beko banamulinda. Iko na kitenge ya bulu. Ni wenu?"

Alikuwa wao. Walimrudisha kwa machela ya miti, na maofisa wa mpakani wakawapisha bila kuuliza karatasi.

Mazishini Mzee Bainomugisha alikuja kwa fimbo, amekonda. Olivia alipiga magoti kumsalimia na akabaki hapohapo chini. Mzee akaketi chini kando yake, kwenye nyasi, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwona akilifanya. Wanawake walikuwa wakiimba. Alingoja wamalize ubeti.

"Ile mistari kuhusu kitanda cha mto," alisema polepole. "Wewe ndiye uliiandika?"

"Ni mimi, baba."

"Ulikuwa umeona mawe."

"Niliyaona. Niliogopa kukuuliza mbele ya watu."

Mzee alizungusha fimbo majanini. Hakuwa na hasira, na Olivia angetoa chochote ili awe nayo.

"Mimi niliisoma," akasema. "Nikafikiri, kuna mtu ameulizwa hii, si mimi. Mutoto wangu angekuwa na swali na mimi, angeniita kwa jina. Kwenda kule kupima ni asubuhi moja tu, Olivia. Ningeenda na hii fimbo."

Walimwita Olivia aje atupe udongo. Mzee alimshika mkono kumwinua, wakaenda pamoja hadi kaburini.