Lien ya Muyisa

Dukani kwake, mtaa wa Mususa, Hadassa alikuwa na kompyuta mbili, printa moja na mdomo mkali. Watu walimletea fomu zao zote za mtandaoni: kazi, masomo, mitihani. Ukutani alibandika amri: ukipata lien, kiungo cha kuthibitisha barua pepe yako, usiifungue kwenye simu, ilete hapa, kwenye mashine na navigateur (kivinjari) tuliyoanzia. Wabishi walirudi wamenywea, naye akawacheka bila huruma.

Mganga hajigangi. Mdogo wake Muyisa, muuguzi wa Eringeti, aliomba nafasi ya masomo Kisangani. Hadassa aliitaka nafasi ile kuliko mwenyewe, kwa sababu kule Eringeti watu walikuwa wakichinjwa mashambani. Siku ya mwisho ya uandikishaji akamjazia fomu, akapakia diploma. Ikabaki lien, iliyotumwa kwenye barua pepe ya Muyisa. Neno la siri Muyisa alishalisahau. Simu yake tu ndiyo ilikuwa ikilikumbuka.

Akampigia. Muyisa, aliyezoea kumwita dada yake mkubwa yaya, akapokea mara moja.

"Yaya, nimesha fungua! Lakini inaandika sesio haiko, nirudie mu navigateur ya mwanzo."

"Nilikuambia nini? Weye mujinga kweli! Fomu iko huku mu mashini yangu, telefone yako haiyijue. Naomba ingine. Ile hapana fungua! Kopia, unitumie ku WhatsApp. Iko na saa moja tu."

"Ndiyo, yaya. Usikasirike."

Akaomba nyingine. Dakika kumi, kimya. Akapiga: mtandao wa Eringeti umekatika. Ile saa moja ya lien ikapita, kisha saa kumi na mbili jioni uandikishaji ukafungwa. Hadassa akamtukana mdogo wake kwa sauti, mbele ya wateja, na hakuona aibu.

Waliokubaliwa waliondoka Jumatatu. Jumatano, mtandao ukiwa bado haujarudi, wenye silaha waliingia kituo cha afya cha Muyisa.

Baada ya mazishi, Abdias, muuguzi mwenzake, alimletea Hadassa simu ya marehemu ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa imezimika, chaji imekwisha. Hadassa akaichomeka dukani. Ilipowaka, ikashika yenyewe Wi-Fi ya pale, iliyoizoea tangu Muyisa alipokuja Noeli. Mara simu ya Hadassa mwenyewe ikalia.

Ulikuwa ujumbe uliokuwa umekwama tangu siku ile: lien ndefu, na chini yake maneno machache. "Yaya, ni hii. Sikuifungua hata. Usikasirike tena."

Alimwita mjinga, na mjinga alikuwa ametii neno kwa neno. Hadassa akaibandika lien kwenye mashine yake, katika navigateur ileile waliyoanzia, kama amri ya ukutani ilivyotaka. Ukurasa ukafunguka vizuri kabisa. Ukasema muda wa lien umekwisha, na chini yake kitufe: omba nyingine. Hadassa akakaa mbele ya kitufe kile, mkono juu ya kipanya, mpaka wateja wakaondoka mmoja mmoja.