Atuganile Mbele ya Jaji

Atuganile alikuwa mkulima wa mpunga Rujewa na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wao. Mwaka ule maji yalikuwa machache. Jioni moja mumewe, Nashoni, aligombana na jirani yao Asukile kwenye mfereji, kila mmoja akidai zamu ni yake. Asukile alimpiga kichwani kwa mpini wa jembe, na Nashoni akafia njiani wakimpeleka hospitali. Aliyeshuhudia ni Atuganile peke yake.

Asukile naye alikuwa mwanakwaya, na mama yake, Bertha, hakuwa na mtoto mwingine. Kesi ilipokaribia, Mwinjilisti Ezekiel alifika kwa Atuganile pamoja na wazee wawili wa kanisa. Kwanza walilia naye. Kisha Ezekiel akafungua barua ya Paulo kwa Wakorintho, ile sura ya upendo. Alieleza kwamba Wagiriki walikuwa na maneno kadhaa ya upendo, na hili la agape ndilo la juu kuliko yote: upendo wa Mungu mwenyewe, usiodai chochote. Mwenye agape husitiri, alisema. Wakamwomba aseme mahakamani kwamba giza lilikuwa limeingia, hakuona vizuri.

"Nashoni harudi," Ezekiel alisema. "Mtoto wa Bertha anaweza kurudi."

Maneno yale yalimwingia. Alimwonea Bertha huruma, na aliogopa kwamba akikataa, kuimba kwake kote kutakuwa kelele za shaba tupu, kama sura ile inavyosema. Akasafiri hadi Iringa kwa mjomba wake, Mchungaji Lusekelo, aliyefundisha Kigiriki chuo cha biblia kabla ya kustaafu.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Hakumsema vibaya Ezekiel. Alikiri kwamba hata yeye zamani alifundisha hivyo hivyo. Lakini neno lenyewe, alieleza, halikuzaliwa takatifu. Katika Agano la Kale lililotafsiriwa kwa Kigiriki, tamaa ya Amnoni kwa dada yake Tamari, aliyembaka, imeitwa kwa neno hilo hilo. Dema alipomwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu, kitenzi ni cha neno hilo hilo. Mafarisayo wanaopenda viti vya mbele, hicho. Na Yohana, mahali pamoja anaposema Baba anampenda Mwana, ametumia kitenzi kingine kabisa.

"Ni kama kupenda kwetu," alisema. "Napenda chai, napenda wajukuu, na jina lako kwa Kinyakyusa ni Ametupenda, yaani Mungu. Kitenzi hakikuambii ni upendo gani. Ndiyo maana Paulo hakuliacha neno peke yake, mwanangu. Akaeleza upendo anaousema hufanya nini na haufanyi nini. Usilichukue neno ukaacha maelezo yake."

Atuganile aliuliza kuhusu kusitiri. Mjomba alikubali: kitenzi kile kinaweza kuwa kufunika, kinaweza kuwa kubeba mzigo, na wasomi hawajaafikiana. Lakini mstari mmoja kabla yake, upendo huo huo haufurahii udhalimu, hufurahi pamoja na kweli. Kwa hiyo maana yoyote ya kusitiri haiwezi kuwa uongo.

"Basi niseme kweli, nimchukie Asukile?"

"Hapana. Upendo hauhesabu mabaya. Neno lile la kuhesabu ni la wafanyabiashara, la kuweka deni vitabuni. Hilo nalo limo, na siwezi kukuondolea."

Nyumbani aliisoma sura ile peke yake, polepole, na palipomchoma ni penye kweli. Kwa polisi alikuwa ameeleza pigo la Asukile tu. Hakuwaambia kwamba Nashoni ndiye aliyeanza, kwa kumpiga Asukile begani.

Mahakamani Mbeya aliyasema yote mawili. Alisema mwanga ulikuwepo, na akamwonyesha Asukile kwa kidole. Kisha akasema mumewe alitangulia kupiga. Wakili wa serikali alimuuliza mbona hakusema mapema. Akajibu kwamba alimpenda mumewe na hakutaka jina lake lichafuke.

Asukile alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na jaji akasema kuchokozwa kwake kumempunguzia kifungo. Ndugu za Nashoni waliacha kumsalimu Atuganile. Ezekiel alimsalimu, lakini kwa mbali.

Msimu wa kupandikiza ulipofika, Bertha hakuwa na mtu wa kumsaidia. Atuganile aliingia katika jaruba la Bertha bila kuitwa, akainama upande wa pili na kuanza kuchomeka miche. Bertha aliinuka, akamgeukia.

"Umemfunga mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

Bertha hakumfukuza. Walipandikiza hadi jua likawa kali.